Mstari wa Kwanza kwa Mnunuzi Aliyenyamaza

Inapofika Oktoba, msimu wa kahawa ya Kilimanjaro ukiwa umechanganya, ofisi za wasafirishaji wa Moshi huwa na kazi ya kufunga vipakiti vya sampuli. Ndani yake mna kahawa safi, ile iliyokobolewa lakini haijakaangwa, iliyochotwa kwenye shehena iliyokwisha kuuzwa kwa mkataba. Kipakiti hupanda ndege hadi kwa mnunuzi, tuseme Hamburg. Huko wataalamu wake huikaanga kahawa, huionja, kisha hutoa jibu: imepita au haikupita. Mikataba mingi ya kahawa hutaka jibu hilo litoke kabla shehena haijapakiwa. Lisipokuja, kontena linakaa.

Na mara nyingi halijileti. Linahitaji kukumbushiwa, na ukumbusho wenyewe ni barua pepe fupi ya Kiingereza isiyozidi mistari mitano. Anayeiandika huweza kumaliza nusu saa akiitazama skrini, kwa sababu hajui aandike nini kwenye sehemu ya mada, wala aanzeje sentensi ya kwanza bila kuonekana anadai au anaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Sehemu hizo mbili ndizo zinazoamua kama barua itafunguliwa leo au itasubiri wiki ijayo. Yaliyobaki chini yake ni machache.

Chukulia msafirishaji mmoja, wa kubuni, lakini mwenye shida inayojulikana. Amemuuzia mnunuzi wa Hamburg kontena la futi 20: magunia 320 ya kilo 60, jumla kilo 19,200, kwa mkataba namba 1147. Sampuli ilipokelewa Jumatatu tarehe 27 Oktoba. Ana hakika, maana kampuni ya vifurushi huonyesha mtandaoni siku na saa mzigo uliposainiwa. Wiki imepita. Ni Jumatatu tarehe 3 Novemba, na Hamburg kimya. Wakala wa meli aliyeko Dar es Salaam anataka nafasi ithibitishwe kabla ya Ijumaa tarehe 7 jioni.

Rasimu yake ya kwanza ina mada hii: "FOLLOW UP". Sentensi ya kwanza inasema: "Dear Sir, I hope this email finds you well. I am writing to follow up on my previous email, to which I have not received any reply."

Kisarufi haina kasoro. Lakini itazame kwa macho ya anayeipokea. Mnunuzi wa kahawa ana mikataba ya Brazil, Ethiopia, Kolombia na Tanzania kwa wakati mmoja, na barua nyingi za asubuhi huzisoma kwenye simu akiwa njiani. Orodha ya barua kwenye simu humwonyesha jina la mtumaji, kisha mada, kisha maneno machache ya mwanzo wa barua. Mada ndefu hukatwa, kwa kawaida baada ya herufi 30 au 40 hivi, kutegemea upana wa skrini. Kwa hiyo alichokiona ni hiki tu:

FOLLOW UP
Dear Sir, I hope this email finds you well. I am…

Hakuna kahawa humo, hakuna namba ya mkataba, hakuna siku. Barua kumi kutoka nchi kumi zingeweza kuvaa mavazi hayo hayo. Ili ajue anaulizwa nini lazima aifungue, kisha apite salamu, kisha apite maelezo kwamba barua hii inafuatilia barua nyingine, kisha aitafute hiyo nyingine. Mtu mwenye haraka huiacha, si kwa dharau, ila kwa kujiambia ataishughulikia akifika ofisini. Akifika ofisini zimeshaingia nyingine thelathini.

Msafirishaji anakasirika kidogo na kubadilisha mada iwe "URGENT!!!" Hapo anaongeza hatari ya aina nyingine. Haraka, herufi kubwa na alama za mshangao ndizo silaha za matapeli wanaojifanya washirika wa biashara na kutaka fedha zitumwe kwenye akaunti mpya kabla ya saa fulani. Kampuni nyingi za Ulaya zimewafundisha wafanyakazi wao kuzitilia shaka barua za namna hiyo, hasa zinapotoka nje ya nchi na zinapogusa malipo. Mshirika wa kweli anayepiga kelele anajiweka mwenyewe kwenye foleni ya washukiwa.

Mada inayofanya kazi hubeba vitu vitatu: jambo lenyewe kwa jina ambalo mpokeaji analitambua, kinachotakiwa kutoka kwake, na siku. Msafirishaji wetu anajaribu tena: "Sample 1147: OK to ship by Fri 7 Nov?" Imeanza kukaa sawa, ila ina mtego. Je, tarehe 7 ndiyo siku ya kusafirisha kahawa, au ndiyo siku ya kutoa jibu? Kiingereza hicho kinakubali maana zote mbili, na mnunuzi anayedhani meli inaondoka tarehe 7 anaweza kupiga simu kuuliza kwa nini ratiba imevurugwa. Anaondoa kitenzi cha kusafirisha na kubaki na hii:

Sample 1147: your OK by Fri 7 Nov?

Ni herufi 34 pamoja na nafasi, kwa hiyo inaingia yote kwenye simu nyingi. Namba imetangulia, maana hiyo ndiyo anayoitumia mnunuzi kulitafuta faili. Siku ya juma imeandikwa pamoja na tarehe, na mwezi umeandikwa kwa herufi. Si urembo. Tarehe "7/11" kwa Mwingereza, Mjerumani au Mtanzania ni tarehe saba Novemba. Kwa Mmarekani ni tarehe kumi na moja Julai. Alama ya kuuliza mwishoni nayo ina kazi: inamwambia msomaji kabla hajafungua kwamba kinachosubiriwa ni jibu, si kusoma tu.

Kanuni hiyo haihusu kahawa peke yake. Anayesubiri malipo ya ankara ataandika "Invoice 0382: payment date?" na mwenye mkataba usiosainiwa ataandika "Agreement: page 6 needs your signature". Baada ya kikao cha simu kilichoacha mambo yakining'inia, "Tuesday's call: two points to confirm" inatosha, kwa sharti kwamba ndani kuna mambo mawili kweli, si matano.

Sasa sentensi ya kwanza. Hapa ndipo malezi ya Kiswahili yanapovutana na desturi ya barua za kibiashara za Kizungu. Mtu aliyelelewa pwani au bara akifika kwa mwenzake na kutaja shida kabla ya kuuliza habari za nyumbani ataonekana hakufunzwa. Ndiyo maana barua za kwetu huanza na salamu ndefu, na "I hope this email finds you well" ikawa kama hodi ya lazima. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo imetumika na kila mtu, wakiwemo watangazaji wa bidhaa wasiojulikana, hadi msomaji hapati tena joto lolote ndani yake. Inakaa tu kwenye ile nafasi ndogo ya simu ambayo ingeonyesha swali.

Kwa mshirika wa Hamburg, "Dear" na jina lake vinatosha kuwa hodi. Ukoo wake hutumika hadi yeye mwenyewe atakapoanza kusaini kwa jina lake la kwanza. "Dear Sir" kwa mtu ambaye mmeshasaini naye mkataba humfanya ajione mgeni. Kama kuna jambo la kweli la kumshukuru, shukrani hiyo ni salamu bora kuliko heri zote: "Thank you for the call on Thursday." Inathibitisha kwamba aliyeandika anamkumbuka yeye, si orodha ya majina. Kwa mfanyabiashara wa Maskati au Dubai ambaye mmezoeana kwa miaka, mambo hubadilika. Huko kuuliza hali yake na ya familia ni sehemu ya biashara, na anayerukia swali moja kwa moja ataonekana mkavu. Lakini hata huko mada inaweza kubaki kavu na wazi, salamu ikakaa ndani.

Kuna pia misemo ambayo huandikwa kwa nia njema na kufika ikiwa imebadilika sura. "I have not received any reply" ni kweli tupu, lakini msomaji husikia lawama. "As per my last email" husikika vibaya zaidi, kwa Waingereza na Wamarekani wengi ni njia ya adabu ya kusema "husomi?" "Kindly revert" ni ya kawaida Nairobi, Dar es Salaam na Mumbai kwa maana ya kujibu, ila Mmarekani hulijua neno hilo kwa maana ya kurudi katika hali ya zamani, na atakuna kichwa. Upande wa pili wako wanaojidogosha: "Sorry to bother you again, I was just wondering…" Anayeomba radhi kwa kuuliza juu ya kahawa yake mwenyewe, ambayo mkataba unamruhusu kuiulizia, anamfundisha mwenzake kwamba jambo hilo linaweza kusubiri.

"Just checking in" haidhuru mtu, ila haimpi msomaji kitu cha kufanya. "Any update?" ni hivyo hivyo: inamtwisha mpokeaji kazi ya kukumbuka ni jambo lipi, kisha kuamua jibu la namna gani linatakiwa. Swali zuri la ukumbusho hujibika kwa neno moja.

Basi Jumatatu hiyo asubuhi msafirishaji anaandika ukumbusho wake wa kwanza, na huu una upole wa makusudi: "Has your lab had time to cup the sample for contract 1147? The courier shows it reached you on 27 October." Angalia ujanja uliomo. Swali linaihusu maabara, si mtu, kwa hiyo hakuna anayeambiwa amezembea. Linampa mnunuzi njia ya heshima ya kusema kwamba waonjaji wamechelewa. Sentensi ya pili inaweka ushahidi wa tarehe bila kumkaripia mtu. Kama sampuli ilipokelewa mapokezi ikasahaulika kwenye kabati, jambo linalotokea, sentensi hiyo ndiyo itakayomfanya mtu ainuke kwenda kuitafuta.

Barua hii ya kwanza anaituma kwa kubonyeza kitufe cha kujibu juu ya ile barua yake ya awali iliyotangaza kwamba sampuli imetumwa, na haigusi mada. Sababu yake ni ya kiufundi. Barua pepe inayojibu nyingine hubeba ndani yake, mahali pasipoonekana, utambulisho wa ile inayojibiwa, na kwa huo programu huzipanga barua kuwa mazungumzo mamoja. Kwa hiyo mnunuzi akifungua, historia yote iko chini: namba, daraja la kahawa, tarehe ya kutumwa. Mada ikibadilishwa, Gmail huyakata mazungumzo na kuanzisha mapya, na historia inabaki kwenye mfululizo wa zamani.

Kuna wakati kukata huko ndiko kunakotakiwa. Ikifika Jumatano tarehe 5 bila jibu, ule mfululizo wa zamani una dalili ya kuwa umezama. Mnunuzi ameuona mara mbili na jicho lake limeuzoea. Hapo ndipo mada mpya inapoingia, ile ya herufi 34, kama barua mpya, na sentensi ya kwanza inakuwa na swali na siku: "Could you tell us by Friday 7 November whether sample 1147 is approved?" Chini yake sentensi moja ya sababu: "We need your answer to confirm space on the vessel from Dar es Salaam." Basi. Sababu ikiwa ya kweli na nje ya uwezo wa aliyeandika, kama ratiba ya meli, haisikiki kama shinikizo. Ikiwa ni "our management is asking", msomaji hujiuliza menejimenti ya watu inamhusu nini.

Wapo wanaojaribu njia ya mkato ya kubandika "Re:" kwenye mada ya barua mpya, ili ionekane ni jibu la mazungumzo yaliyokuwapo. Mshirika akigundua, ataanza kuzisoma barua zote za mtu huyo kwa jicho la pembeni. Kwa barua za matangazo ya biashara, sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inakataza mada zinazodanganya juu ya yaliyomo.

Siku na saa zinahitaji uangalifu wa pekee kwa anayefikiri kwa saa za Kiswahili. Mtu anayesema "saa sita" kichwani na kuandika "by 6" kwa haraka amesogeza muda wa mwisho kwa saa sita nzima. Na tofauti ya Moshi na Hamburg haisimami mahali pamoja: miezi ya joto Ujerumani iko nyuma kwa saa moja, na kuanzia mwisho wa Oktoba, saa zao zinaporudishwa nyuma, tofauti huwa saa mbili. Sampuli yetu ilifika siku moja tu baada ya badiliko hilo la mwaka 2025. Njia salama ni kutaja saa za msomaji na kusema hivyo waziwazi: "by noon Hamburg time". Mchana huo wa Hamburg mwezi Novemba, Moshi ni saa nane.

Alhamisi alasiri bado kimya. Barua ya tatu si ukumbusho tena, inaeleza kitakachofanyika. Na hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuandika kitu kama "If we do not hear from you, we will consider the sample approved." Inasikika ya kishujaa, lakini kama mkataba unataka sampuli ikubaliwe, kimya hakigeuki kibali kwa sababu muuzaji ameamua hivyo. Kontena likifika Ujerumani na mnunuzi akasema hakuidhinisha, aliyeandika sentensi ile atakuwa amejiwekea ushahidi wa kwamba alijua kibali hakijatolewa. Kinachoweza kutangazwa ni hatua ambayo muuzaji ana haki nayo na ambayo haimpokonyi mwenzake uamuzi. Mada inakuwa "Sample 1147: vessel space ends Fri noon" na sentensi ya kwanza: "If we have not heard from you by noon Hamburg time on Friday, we will release this vessel and book the next one." Hakuna tishio hapo. Mnunuzi anajua kimya chake kitagharimu nini, kwani naye ana wakaangaji wanaosubiri kahawa, na uamuzi umebaki mkononi mwake.

Namna majibu yanavyokuja huonyesha kama mistari hiyo ilikaa sawa. Jibu la neno moja, au "We need until Monday", maana yake swali lilieleweka. Jibu linalouliza "Which sample?" linasema mada haikubeba namba, au namba iliyotumika ni ya daftari la muuzaji ambayo mnunuzi haijui, kila upande huwa na namba zake, na ya kuandika ni ile iliyo kwenye mkataba uliosainiwa na wote. Jibu linalogusa nusu tu ya barua linaonyesha yaliulizwa mambo mawili mahali pamoja. Msafirishaji aliyechanganya kibali cha sampuli na swali la bei ya msimu ujao atapata jibu refu la bei na hakuna neno juu ya sampuli, kwa sababu binadamu hujibu lililo rahisi au linalompendeza.

Ijumaa asubuhi, badala ya kuandika barua ya nne, anapiga simu. Mnunuzi anapokea, anacheka, anasema kahawa ilionjwa tangu Jumanne na imepita vizuri, ila aliyetakiwa kuandika yuko likizo. Kazi bado haijaisha, kwa kuwa kauli ya simu haiwekwi kwenye faili. Dakika tano baadaye inaondoka barua yenye mada "Sample 1147: approved by phone, 7 Nov" na mstari huu: "Thank you for confirming this morning that sample 1147 is approved, please reply "Yes" so that we both have it in writing." Jibu la herufi tatu linarudi kabla ya saa sita mchana. Msafirishaji analipeleka kwa wakala wa meli pamoja na barua yote iliyo chini yake, na magunia 320 yanapata nafasi.